Kadi ya Kijani kwa Mwalimu Nasambu

Huku Kabras mvua ya alasiri haina adabu. Inamkuta mwalimu katikati ya maelezo, inashukia mabati ya darasa kama mtu anayemwaga mahindi ya gunia zima, na hapo somo limekwisha. Mwalimu anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inamtoka, watoto wanamtazama tu mdomo. Walimu wengi wa shule ile walikwisha kukata tamaa. Mvua ikianza, waliwaambia watoto walaze vichwa kwenye madawati, wao wakaenda ofisini kunywa chai.

Mwalimu Nasambu peke yake ndiye aliyeipenda mvua ile. Aliipenda kwa sababu ambayo hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mumewe. Mvua ikipiga mabati, kila mtu alikuwa kiziwi, na yeye akawa sawa na wenzake.

Masikio yake yalikuwa yanakufa. Hayakufa siku moja, maana hapo angelia mara moja yakaisha. Yalimwibia kidogo kidogo. Kwanza walipotea ndege wa asubuhi, akadhani wamehama. Kisha simu ikawa haiongei vizuri, akailaumu simu mpaka Nehemiah, mumewe, akamnunulia nyingine. Halafu zikaanza kupotea sauti za watoto, zile nyembamba, za wasichana hasa. Aliona midomo ikienda na akasikia kitu kama upepo ndani ya mtungi. Daktari wa masikio kule Kakamega mjini alimpima, akamwambia ukweli bila kuupaka sukari: mshipa wa kusikia unazidi kuchakaa, na haushoneki. Kile kifaa cha kuvaa sikioni kingemletea kelele kubwa zaidi, lakini maneno yenyewe yangebaki yamevunjika. Katika chumba kitulivu, na mtu mmoja, kingemfaa kidogo. Katika darasa lililojaa watoto hadi mlangoni, alisema daktari huku akimwandikia kwenye karatasi, asitarajie mengi.

Nasambu aliikunja karatasi ile na kuiweka kwenye mkoba. Yeye na mumewe wakapanda gari kurudi Malava. Nehemiah, ambaye maisha yake yote amelima miwa na hajui kuficha kitu usoni, alimshika mkono hadi walipofika nyumbani.

"Mama Sammy, waambie shuleni," alisema, akimkabili ili aone midomo yake. "Watakusaidia."

"Watanitoa darasani."

"Na kama watakutoa? Umefundisha siku nyingi."

Hapo Nasambu alikasirika kweli, kwa sababu mume wake alisema kama vile darasa ni shamba ambalo mtu akichoka analikodisha. Yeye hakujua kazi nyingine wala hakutaka kuijua. Alifundisha hesabu. Alikuwa amewafundisha wazazi wa watoto aliokuwa akiwafundisha sasa, na sokoni Malava hakukosa mtu wa kumwita Mwalimu na kumwongezea nyanya. Akitolewa darasani, angebaki nani? Basi akaamua kunyamaza, na Nehemiah naye akanyamaza, maana alimpenda.

Likizo ya Aprili walimu wa eneo lile waliitwa kwenye semina kule Bukura, wafundishwe namna ya kupima kama mtoto anaelewa wakati somo bado linaendelea, si kungoja mtihani. Nasambu alikaa mstari wa mbele kabisa, macho kwenye midomo ya mkufunzi. Yule mkufunzi, mama mmoja mfupi mchangamfu, alitoa mfukoni kadi tatu: nyekundu, ya manjano na ya kijani. Akaeleza kwamba kila mwanafunzi anakuwa na zake. Mwalimu akifika mahali pa kusimama, anauliza: mko wapi? Anayeonyesha kijani anasema nimeelewa, naweza hata kumweleza mwenzangu. Wa manjano anasema nimeshika kidogo, nisaidie kidogo. Wa nyekundu anasema nimepotea. Hapo mwalimu anajua la kufanya bila kukisia. Wa kijani anawapa kazi ngumu zaidi au anawaketisha na wale wa manjano wawasaidie, na wa nyekundu anawakusanya mbele, anaanza nao upya kwa njia nyingine.

Walimu wengine waliandika wakipiga miayo. Nasambu alihisi kifua kinamfunguka. Mtoto asiyesema kitu! Mtoto anayeinua rangi, na mwalimu anaona! Kama angepewa nafasi ya kuunda dawa ya ugonjwa wake, asingeunda nyingine.

Mkufunzi alitoa masharti yake. Kadi ishikwe kifuani, imwelekee mwalimu, ili jirani asiione akacheka. Isitolewe zawadi kwa kijani wala adhabu kwa nyekundu, maana mtoto akishaona kwamba rangi moja inapendwa, ataionyesha hiyo tu. Na kijani kisiaminiwe hivi hivi. Mtoto anaweza kudhani ameelewa kumbe hajaelewa, au anaona haya. Kwa hiyo mwalimu achague wawili watatu wa kijani awaambie: haya, nielezeni.

Nasambu aliyashika masharti yote isipokuwa hilo la mwisho. Kumwambia mtoto "nieleze" ni rahisi. Kazi ni kumsikiliza.

Muhula ulipofunguliwa alinunua karatasi ngumu za manila za rangi tatu, akakata usiku kucha na binti yake wa mwisho, akazifunika kwa nailoni ya kufunikia vitabu, akatoboa tundu na kupitisha uzi. Kila mtoto wa Gredi ya Sita akapata zake tatu. Wengi wao hawakuwahi kuona taa za barabarani zenye rangi hizo, kwa kuwa huko kwao vinavyopita ni trekta za miwa, na trekta ya miwa haimsimamii mtu hata awe askofu. Ikabidi Nasambu achore taa ubaoni na kuwachezesha watoto uwanjani, huyu gari, huyu taa, mpaka wakacheka wakaelewa. Kwa Bwana Osiako, mwalimu mkuu, alisema kadi ni za wakati wa mvua: mabati yakipiga kelele, mtoto aonyeshe tu. Bwana Osiako alifurahi. Yeye ni mtu wa kupenda mambo yanayoweza kuonyeshwa kwa wageni.

Na kadi zilifanya kazi, hilo tusilifiche. Zile wiki za kwanza Nasambu alifundisha vizuri kuliko alivyokuwa amefundisha kwa muda mrefu. Aliuliza, kadi zikapanda, akaona darasa lake lote kwa mtupo mmoja wa macho kama mtu anayetazama shamba kutoka juu ya kilima: pale pamekauka, pale pamestawi. Aliwapanga, akawapangua, akawakusanya wa nyekundu mbele ubaoni na kuanza nao tena kwa mifano. Jioni alirudi nyumbani anaimba, kwa sauti asiyoisikia vizuri, na Nehemiah hakumwambia kwamba wimbo umepotoka.

Shida ilianza kwenye sehemu.

Ilikuwa kujumlisha sehemu ambazo namba zake za chini hazifanani: nusu na theluthi. Nasambu alieleza namna ya kutafuta namba moja ya chini inayozikubali zote mbili, akapata sita, akageuza nusu kuwa tatu kwa sita na theluthi kuwa mbili kwa sita, akajumlisha juu, tano kwa sita. Akauliza: mko wapi? Kijani zilikuwa chache, manjano nyingi, na karibu na dirisha ikapanda nyekundu moja, imeshikwa kwa mikono miwili.

Alikuwa Awinja, msichana mwembamba anayelelewa na nyanya yake, mtoto wa maswali. Kuna watoto wanaotaka jibu na kuna watoto wanaotaka kujua kwa nini, na Awinja alikuwa wa kwa nini. Nasambu alimpenda kwa hilo na sasa alimwogopa kwa hilo. Alimwendea, akainama.

"Umepotelea wapi?"

Awinja akasema. Midomo ilikwenda haraka, kichwa ameinamisha kwenye daftari. Nasambu hakupata hata neno moja. Akaitikia kwa kichwa kama anayeelewa, akachukua kalamu na kueleza tena vilevile tangu mwanzo: tafuta namba ya chini, geuza hii, geuza hii, jumlisha juu. Awinja alimsubiri amalize, akauliza tena, swali lilelile. Nasambu akaeleza tena yaleyale. Mara ya tatu aliona watoto wa dawati la nyuma wanatazamana. Jasho likamtoka chini ya kitambaa cha kichwa.

Awinja aliinua uso akamtazama. Alimtazama muda mrefu, vile mtoto anavyomtazama mtu mzima aliyeanguka njiani. Kisha akaiweka chini kadi nyekundu, akainua ya kijani.

"Vizuri sana!" alisema Nasambu, akampiga bega, akarudi ubaoni. Alijiambia kwamba mtoto ameelewa. Alijiambia hivyo kwa sababu alihitaji iwe hivyo.

Kuanzia wiki ile kadi nyekundu zikapungua. Kisha manjano nazo zikapungua. Kufikia mwezi wa sita, Nasambu akiuliza mko wapi, darasa lote lilikuwa kijani kitupu, kama miwa baada ya mvua ndefu. Madaftari nayo yalikuwa na majibu sahihi. Alipaswa kuwa na wasiwasi, mwalimu wa siku nyingi kama yeye. Darasa zima halielewi kwa mkupuo mmoja, hata lingefundishwa na malaika. Lakini ni nani anayepewa anachokiomba kila usiku halafu akakishuku? Alimshukuru Mungu kanisani Jumapili, akatoa sadaka.

Bwana Osiako alileta wageni. Afisa wa elimu wa eneo alikuja na walimu wa shule za jirani kuona kadi za Madam Nasambu. Zilipikwa ingokho mbili, kuku wa kienyeji, na mandazi yakakaangwa tangu alfajiri. Siku hiyo mvua ilisaidia, ilianza kunyesha katikati ya somo, na wageni wakaona kwa macho yao: mwalimu haongei, watoto hawaongei, mwalimu anainua mkono na kadi za kijani zinapanda zote pamoja. Walimu wa jirani walipiga makofi ambayo hakuna aliyeyasikia. Afisa alimshika Nasambu mkono, akasema jambo refu, na Nasambu akatabasamu na kusema asante, kwa kuwa asante hufaa karibu kila mahali.

Aliporudi darasani kuchukua mkoba aliwakuta watoto wanazifunga kadi zao kwa nyuzi. Walimtazama wakiwa na furaha iliyozidi kidogo, kama watoto waliofanikiwa kuficha zawadi.

Kisha ukaja mtihani wa katikati ya mwaka. Katika mtihani madawati yalitenganishwa, kila mtoto peke yake.

Nasambu alisahihisha nyumbani, mezani, jua likiwa bado halijatua. Karatasi ya kwanza, swali la kwanza, nusu jumlisha theluthi: mbili kwa tano. Mtoto alikuwa amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Akatia alama ya kosa. Karatasi ya pili, mbili kwa tano. Ya tatu, mbili kwa tano. Alisahihisha mpaka akaacha kuona. Mbili kwa tano haifiki hata nusu. Watoto walikuwa wamechukua nusu, wakaongeza kitu juu yake, ikapungua, na hakuna aliyeshangaa. Swaibu, kiranja wa darasa, ambaye kaka yake yuko sekondari na humfundisha jioni, alikuwa amepata yote. Nasambu akaelewa yale majibu sahihi ya madaftarini yalikuwa yanatoka kwa nani.

Nehemiah alimkuta ameegemeza uso juu ya karatasi. Aliketi karibu naye akamwekea mkono mgongoni.

Asubuhi aliingia darasani na hasira, kwa sababu hasira ilikuwa rahisi kuibeba kuliko ile nyingine. Alizitupa karatasi mezani.

"Nani hapa aliniambia ameelewa sehemu? Inueni kadi mlizoinua siku ile!"

Zikapanda kijani, moja moja, kwa woga.

"Mlinidanganya! Niliwaambia nyekundu haina adhabu. Nilimcheka nani? Nilimpiga nani? Kwa nini mlinidanganya?"

Midomo kadhaa ilifunguka. Mmoja mbele alisema kitu, wa pili akasema kitu, Swaibu akasimama akasema kirefu. Nasambu aliwatazama huyu na huyu, na upepo ule wa mtungi ukamjaa kichwani. Akapiga meza.

"Nimewauliza, kwa nini hamnijibu?"

Darasa likanyamaza. Hilo aliliona. Waliokuwa wanaongea walifunga midomo, na wasichana wawili wakaanza kulia.

Awinja alitoka kwenye dawati lake la dirishani. Alikuja polepole mpaka mbele, kadi zake zimening'inia kwenye uzi. Alifungua fundo, akatoa ile nyekundu. Hakuinua juu. Aliushika mkono wa mwalimu wake, akaufungua vidole, akaiweka kadi ndani, akavifunga vidole tena.

Kisha akasema, midomo ikienda taratibu sana, kila neno peke yake, na safari hii Nasambu aliona yote.

"Mwalimu, wewe husikiangi. Tulikuwa tunaonanga unaumia ukituuliza. Tukasema tusikuumize."

Nasambu alisimama na kadi nyekundu mkononi. Aibu aliyoisikia haikuwa ya kukamatwa. Alikuwa ameificha siri yake kwa watu wazima wote, mwalimu mkuu, afisa, walimu wenzake, na kumbe watoto walikuwa wameijua tangu mwanzo wakaibeba naye. Walikuwa wameibeba kwa kukubali kutojua hesabu. Walikuwa na mtihani wa taifa mwisho wa mwaka. Alitamani ardhi ipasuke. Machozi yalimtoka mbele ya darasa, jambo ambalo halikuwahi kumpata, na hakuyafuta.

Alimwinamia mtoto ili aone midomo yake.

"Awinja. Siku ile uliniuliza nini? Niulize tena."

Awinja akauliza. Nasambu akainua kadi nyekundu kifuani, imwelekee mtoto. Awinja akarudia, kwa sauti zaidi. Nyekundu. Akarudia akipaza mpaka darasa la jirani likachungulia. Nasambu alitikisa kichwa, kadi ileile. Basi Awinja akachukua chaki, akaandika ubaoni: Kwa nini haturuhusiwi kujumlisha namba za chini?

Nasambu alilisoma lile swali. Lilikuwa swali zuri kabisa. Mtoto alikuwa ameliuliza mara tatu kwa adabu, na mara tatu alijibiwa jibu la swali lingine.

Akamwomba mtoto aliyekuwa karibu kadi ya kijani, akaiinua.

"Sasa nimeelewa," alisema.

Alimtuma Swaibu kwenye ukingo wa shamba lililopakana na shule akate muwa mmoja, na mwenye shamba akiuliza aambiwe ni wa Madam, hatagomba. Nasambu akaukata muwa kwa panga la shule mpaka ukabaki sentimita sitini kamili kwa rula. Akaukata tena katikati, akainua kipande kimoja: hii ni nusu. Akawaonyesha kwa rula theluthi ya muwa mzima ingekuwa wapi, sentimita ishirini. Akauliza: kipande hiki na kipande hiki, vinalingana? Vichwa vikatikiswa, havilingani. Basi nikisema nina vipande viwili, nimekwambia nini? Viwili vya ukubwa gani? Namba ya chini ndiyo inayosema ukubwa wa kipande. Haihesabu vipande, inavitaja tu. Ukijumlisha ukubwa na ukubwa, umeubadilisha muwa wenyewe. Akavikata vyote sentimita kumi kumi, vipande sita sawa. Nusu ni vitatu, theluthi ni viwili. Haya, hesabuni.

Alipouliza mko wapi, aliwaambia kwanza: "Leo anayenipenda aniambie ukweli." Zikapanda nyekundu nyingi, manjano nyingi, na kijani kidogo. Wa kijani aliwapa karatasi, waandike maelezo kwa maneno yao. Akayasoma moja moja amesimama. Alikaa na wale wa nyekundu mpaka kengele ikapigwa na hata baada ya hapo, wakila muwa na kuhesabu vipande. Lilikuwa somo bora kuliko yote aliyowahi kufundisha, naye alijua ni la mwisho.

Maana kile alichokuwa amekifanya kwa swali moja kilichukua kipindi kizima na machozi ya watoto. Watoto wale walikuwa na maswali mengine mengi, na walishaanza kuyameza.

Ofisini kwa Bwana Osiako hakuketi. Mwalimu mkuu alikuwa anafurahia barua ya pongezi kutoka kwa afisa, akaanza kumwelezea huku ameinamia karatasi. Nasambu akainua kadi nyekundu ya Awinja mbele ya kifua chake. Bwana Osiako aliinua macho akacheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaona uso.

"Sijasikia hata neno moja, Mwalimu," alisema Nasambu. "Si leo tu. Ni siku nyingi."

Bwana Osiako ni mtu wa makeke lakini si mtu mbaya. Alifunga mlango, akavuta kiti, akamketisha, akachukua karatasi safi wakaandikiana kama watoto wa shule. Aliandika: Kwa nini hukuniambia, Madam? Nasambu akaandika: Ungefanya nini? Mwisho Bwana Osiako akaandika: Ningekutoa darasani. Akaitazama sentensi yake, akavua miwani.

Hesabu za Gredi ya Sita alipewa Bwana Kipsang, kijana mpya kutoka chuoni, mpole na mwenye sauti nzito. Nasambu aliomba jambo moja tu, asiziondoe kadi, na ampe mtoto wa kijani kazi ya kueleza, amsikilize. Bwana Kipsang aliandika kwenye simu yake, akamwonyesha: Nitafanya hivyo, Mwalimu. Naye Nasambu, wakati masuala yake yanasubiri kuamuliwa huko juu, aliwekwa kwenye stoo ya vitabu. Alivipanga, akavishona vilivyochanika, akavipa namba. Vitabu havimuulizi mtu kitu. Kadi nyekundu alibaki nayo. Awinja alikataa kuichukua, akajitengenezea nyingine kwa boksi la sabuni.

Alasiri moja mvua ilimkuta akitoka stoo. Alikimbilia chini ya ukingo wa paa, kando ya dirisha la Gredi ya Sita, na bila kutaka akachungulia. Ubaoni kulikuwa na sehemu, za kuzidisha sasa. Bwana Kipsang alikuwa amenyamaza, mabati yamemshinda. Akainua mkono, kadi zikatoka. Nasambu akajikuta anazisoma kama zamani: pale pamestawi, pale pamekauka.

Awinja alimwona. Alikuwa ameishika kadi yake kifuani, imemwelekea mwalimu, kwa hiyo Nasambu aliona bega la mtoto tu. Kisha mtoto akaigeuza taratibu kuelekea dirishani ili aione. Nasambu alijua itakuwa kijani. Alikwisha kuandaa tabasamu la kuipokea, na moyoni alikwisha kuisamehe.

Ilikuwa ya manjano. Nimeshika kidogo, nisaidie kidogo.

Mguu wake ulikwenda wenyewe kuelekea mlangoni, hatua mbili, akaingia kwenye mvua. Hapo akasimama. Alisimama akilowa, mkono mfukoni umeshika ile kadi nyekundu, na akalia kwa uchungu, kwa kuwa mtoto alikuwa amemwambia ukweli na hakuwa na la kumfanyia.

Alipogeuka tena dirishani, Bwana Kipsang alikuwa amefika kwenye dawati. Aliinama mpaka sikio lake likakaribia kinywa cha Awinja. Midomo ya mtoto ikaenda, haraka haraka kama kawaida yake, na yule kijana akaitikia kwa kichwa, akachukua kalamu, akaanza kumjibu.